Mpangaji kaacha kulipa kodi na benki wanasubiri rejesho: omba pengo lizibwe, usiombe miaka

Nimekaa dawati la mikopo hapa Mwanza miaka kadhaa kabla sijaamua kufanya shughuli zangu, na kama kuna ombi lilikuwa linaniuma ni la mwenye nyumba anayekuja mbio mbio eti "naomba mniongezee muda wa mkopo" kisa mpangaji wake mmoja kaacha kulipa. Afisa anakubali haraka tu maana kwa benki hiyo ni biashara nzuri, mteja anatoka anacheka kwa sababu rejesho limeshuka, halafu hakuna aliyekaa naye chini kumpigia hesabu ya kile alichokinunua. Mi naona hapo ndo watu wanapoibiwa na hakuna mwizi.

Ngoja niweke mfano maana bila namba tutabishana bure. Mama mmoja wa Buhongwa, tumwite tu Mama, ana nyumba ya apatimenti tatu, kila moja laki mbili na nusu kwa mwezi, jumla 750,000. Alimalizia ile nyumba kwa mkopo wa milioni 30, miaka mitano, riba asilimia 17 kwa mwaka ile inayopungua kadri deni linavyopungua. Rejesho lake ni kama 745,600 kwa mwezi. Yani kodi yote inaingia benki na inabaki hela ya vocha. Sio mpango mzuri hata kidogo, ila ndo nyumba nyingi za Buhongwa, Mkolani na Nyakato zilivyojengwa, tusijifanye.

Ameshalipa miaka miwili, deni limebaki kama milioni 20.9. Mpangaji wa apatimenti ya katikati ni kijana wa dagaa, ananunua Mwaloni Kirumba anasafirisha. Huyu hana tabia mbaya, tatizo lake ni kwamba dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika, kwa hiyo hela yake inakuja kwa mafungu. Mkataba wa miezi sita umeisha, hela ya kuanza mwingine hana, mwezi wa kwanza "shikamoo mama, naomba univumilie giza likiingia nitakuletea", giza likaingia likatoka, mwezi wa pili simu haipokelewi.

Sasa pengo la Mama ni kiasi gani? Hapa ndo watu wanachanganya. Pengo sio rejesho lote, wapangaji wawili bado wanalipa laki tano. Kinachokosekana ni kama 245,600 kwa mwezi, basi. Na katika lile rejesho la 745,600, riba ya mwezi huo ni kama 296,000 tu, iliyobaki ni kupunguza deni lenyewe. Maana yake ile laki tano aliyonayo mkononi inafunika riba yote na bado inakata deni kidogo. Benki haipati hasara kwa mtu wa namna hiyo, na afisa akiionyeshwa hiyo hesabu kwenye karatasi anabadilika sura, niamini, nimekuwa upande ule wa meza.

Mama ana njia tatu za kuongea na benki.

Ya kwanza ndo hiyo tamu, kuongezewa muda. Ile milioni 20.9 iliyobakiza miezi 36 inatandazwa upya kwa miezi 60. Rejesho linashuka mpaka kama 520,000. Anapumua. Lakini piga jumla: ya zamani angemaliza kwa kulipa kama milioni 26.8, hii mpya atalipa kama milioni 31.2. Amenunua nafuu ya mpangaji mmoja kwa milioni 4.3, na apatimenti ikipata mtu mwingine mwezi wa nne yeye bado anaendelea kulipia ile nafuu miaka mitano. Labda mkataba wake umruhusu kulipa zaidi bila adhabu, na hilo ni la kuuliza kabla hajasaini.

Ya pili ni kulipa riba tupu kwa miezi mitatu. Analipa 296,000 kila mwezi, deni linabaki pale pale, mwisho wa mkopo unasogea miezi mitatu mbele. Gharama yake ni ile riba ya miezi mitatu, kama 889,000. Hii ina maana kama apatimenti mbili zimekwama kwa pamoja. Kwa Mama ni dawa kubwa kuliko ugonjwa, maana laki tano anayo, kwa nini alipe laki tatu kasoro halafu mbili zibaki zinazurura kwenye mkoba zikutane na ada za shule.

Ya tatu ndo ninayoipigia debe: kuomba alipe laki tano kamili kwa miezi mitatu, na kile kilichopungua kigawanywe kwenye miezi 33 iliyobaki, tarehe ya mwisho isiguswe. Rejesho baada ya hapo linapanda kutoka 745,600 hadi kama 774,000. Gharama ya ziada mpaka mwisho ni kama laki mbili na elfu nne. Linganisha na milioni 4.3! Kweli hiyo elfu 28 ya kila mwezi karibu yote ataitafuta nje ya kodi, labda apandishe kodi kidogo mpangaji mpya akija, ila ni mzigo unaobebeka. Sio kila benki ina fomu ya hii, wengine wana vifurushi vyao viwili vitatu na mashine haiwezi kingine, hapo unaangukia njia ya pili. Ukiambiwa kuna ada ya kupanga upya mkopo, iongeze kwenye hesabu.

Kuna ya nne ambayo watu hawaisemi, kukopa laki mbili na nusu kila mwezi mtaani kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi ili rejesho la benki likae sawa. Miezi mitatu ya hivyo unadaiwa kama 910,000 kwa hela 750,000 uliyochukua, haionekani mbaya sana kama una uhakika wa kuilipa yote siku hiyo hiyo. Usipoilipa, baada ya miezi tisa mingine ni zaidi ya milioni mbili. Mimi sijaona mwenye nyumba aliyekuwa na huo uhakika.

Lakini yote hayo yanategemea ameenda lini. Rejesho likikatwa tarehe 5, barua iwe benki wiki mbili kabla, sio tarehe 6. Ombi la namna hii linapita kwa watu kadhaa kabla ya kusainiwa, halafu mkopo ukishachelewa unahamia kwa watu wa ufuatiliaji wa madeni ambao kazi yao ni kudai, kubembelezana hawana muda. Ukifika siku 90 bila kulipwa unaingia kwenye mikopo chechefu, taarifa zako zinaonekana hata benki nyingine, ile ndoto ya kuhamishia mkopo benki ya jirani inakufa. Na nyumba ikiwa imewekwa rehani, Sheria ya Ardhi inaitaka benki ikupe notisi ya siku 60 kabla ya kuuza, watu wanadhani hizo siku ndo za kuanza kuhangaika, wakati kipindi cha kuongea kwa raha kimeshapita. Barua yenyewe iwe fupi: deni limebaki kiasi gani, apatimenti gani haijalipwa, mbili zilizobaki zinaingiza ngapi, unaomba kulipa ngapi kwa miezi mingapi. Ambatisha mikataba ya wapangaji na nakala ya notisi uliyompa anayedaiwa. Kusimulia machungu ya maisha kurasa mbili hakusaidii.

Swali la afisa litakuwa: kwa nini miezi mitatu? Na hapo ndo mpangaji anarudi kwenye hesabu. Kufunga mlango kwa kufuli lako au kuezua bati ni kujitafutia kesi wewe, acha. Njia ya kawaida mgogoro ukigoma ni baraza la kata kusuluhisha, na tangu sheria ibadilishwe 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu, likishindwa ndani ya siku 30 unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kuna kuahirishwa, kuna wakili, na kila mwezi unaopita ni laki mbili na nusu nyingine imeyeyuka huku rejesho likikatwa.

Ndo maana Mama nilimshauri dili, najua wengi mtanizomea. Kijana anadaiwa miezi miwili, laki tano. Mwambie hivi: ukikabidhi funguo tarehe fulani nakusamehe mwezi mmoja, mwingine utanilipa kidogo kidogo kila giza, tuandikishane mbele ya mjumbe. Alikasirika kweli, "yani nimlipe aondoke?" Nikamwambia ndiyo mama, laki mbili na nusu kumtoa mwezi huu ni bei ya mwezi mmoja tu wa kesi. Kijana alikubali haraka, naye aibu ilikuwa inamla, akahamia chumba cha bei nafuu Igoma. Apatimenti ikapigwa rangi, mwezi wa tatu ikapata muuguzi, mwenye mshahara wa kila mwezi.

Mpangaji mpya alilipa miezi sita, milioni moja na nusu kwa mkupuo. Hii ni sehemu nyingine hatari kuliko hata mpangaji sugu, kodi inakuja kwa miezi sita ila benki inataka kila mwezi, hela ikikaa kwenye simu inageuka saruji ya uzio. Mama aliiweka yote kwenye akaunti ile inayokatwa rejesho, na kabla ya kuweka aliuliza kwa maandishi kama benki itakata rejesho la mwezi tu au itachukua yote kupunguza deni, maana ikipunguza deni rejesho la mwezi ujao bado linadaiwa kama kawaida.

Siku ya kusaini alidai ratiba mpya ya marejesho iliyochapishwa, sio maneno ya mdomo. Akaangalia vitu vitatu: tarehe ya mwisho ni ile ile ya zamani, miezi mitatu imeandikwa 500,000 sio "pungufu", na faini za kuchelewa zimesimamishwa kwa hiyo miezi. La tatu halikuwepo. Likaongezwa kwa kalamu, afisa akasaini pembeni na kugonga muhuri.