Methali kwenye bio: wahenga wanaonewa

"Bio yenye methali ni ya mtu aliyekosa la kusema." Kauli hii haikosi ukweli. Muuza simu, mwanafunzi wa chuo na dalali wa viwanja, wote wameandika "Mvumilivu hula mbivu"; wakibadilishana bio zao, hakuna atakayeshtuka. Methali ya namna hiyo inakula herufi bure, na Instagram inatoa 150 tu, TikTok 80.

Ila wahenga wanaonewa hapo. Tazama kanga. "Japo sipati tamaa sikati" ni jina linalojulikana mno, na bado likivaliwa siku fulani, likapitishwa mbele ya jirani fulani, linachoma kana kwamba limetungwa asubuhi ile ile. Hakuna anayemwambia mvaaji kwamba msemo wake umechuja. Makali yake yanatokana na nani kavaa na nani anasoma. Methali nyingi za kwenye bio zinapwaya kwa sababu hazimlengi mtu yeyote.

Chukua fundi cherehani. Akiandika "Haraka haraka haina baraka" basi, hajasema kitu; tena mteja aliyewahi kusotea gauni hadi usiku wa kuamkia Idi ataona kisingizio kimeandaliwa mapema. Sasa aandike hivi:

"Fundi cherehani. Haraka haraka haina... ila nguo ya Idi unaipata kabla ya Idi."

Ni herufi 78 pamoja na nafasi, kwa hiyo hata TikTok inaenea. Neno "baraka" limeachwa kwa makusudi, maana msomaji analimalizia mwenyewe, na akishalimalizia tayari yumo kwenye utani. Kicheko kinatoka kwenye "ila": fundi anaijua sifa mbaya ya mafundi, anaigusa, kisha anaahidi kile ambacho wateja walishakata tamaa nacho. Kazi yake kaitaja mwanzoni bila fumbo, kwa kuwa anayetafuta fundi hana muda wa kutegua vitendawili.

Wanaopinga wana hoja mbili nzito. Utani wa methali nao unachakaa: "haraka haraka haina baraka, polepole nayo yachelewesha" umeshachekwa ukaisha. Na methali iliyokatwa inamwacha nje asiyeijua. "Mgema akisifiwa..." wengi wataimaliza; "Angurumapo simba..." itawakwamisha vijana wengi wa mjini, sembuse mteja wa Goma au Kampala aliyeokota Kiswahili chake sokoni. Dawa yake ni kumtumia mtu mmoja wa aina ya wateja wako ile nusu ya kwanza. Asipojibu papo hapo, iandike nzima au tafuta nyingine.

Hata bio ya fundi wetu ina msimu wake. Idi ikipita na harusi za Desemba zikikaribia, abadilishe nusu ya pili: nguo ya harusi unaipata kabla bibi harusi hajatoka saluni.