IRR ya 26.1% na mkopo wa 22%: kabla ya kutia saini

Swali: "Nataka kupanda parachichi kwa mkopo wa benki. Kwa shilingi milioni, mwaka wa kuanza natoa 20, mwaka wa kwanza natoa 4, mwaka wa pili maharage ya katikati ya mistari yanalipa gharama kwa hiyo sijaandika kitu, kisha napata 6, 12, 18 na 20. Excel inanipa IRR ya 26.1%. Mkopo ni 22%. Si nimeshafaulu?"

Bado. Kosa liko kwenye ile seli ya mwaka wa pili uliyoiacha tupu. Fomula ya IRR, inayotafuta mradi unalipa asilimia ngapi kwa kipindi, haisomi miaka uliyoandika pembeni. Inasoma tarakimu kwa mpangilio wake na kuchukulia kwamba kati ya moja na inayofuata kuna kipindi kimoja. Ikikuta seli tupu au yenye maneno, inairuka kana kwamba haipo. Kwa hiyo mauzo yako ya mwaka wa tatu yamehesabiwa kama ya mwaka wa pili, na mavuno yote yaliyofuata yamesogea mbele kwa mwaka mzima. Andika sifuri kwenye seli hiyo, bila kugusa kitu kingine, na jibu linashuka kutoka 26.1% hadi 19.84%. Faida uliyoiona juu ya mkopo haipo tena.

Weka miaka 0 hadi 6 kwenye A2 hadi A8, na fedha kwenye B2 hadi B8: -20, -4, 0, 6, 12, 18, 20. Fedha inayotoka mfukoni lazima iwe na alama ya kutoa. Zote zikiwa chanya utapata #NUM!. Kisha:

```
=IRR(B2:B8)
=NPV(D1,B3:B8)+B2
```

Kwenye D1 elekeza jibu la fomula ya kwanza, na mstari wa pili utoe sifuri, au tarakimu ndogo mno iliyo sawa na sifuri. IRR ndiyo hiyo: riba ambayo ukiitumia kupunguza thamani ya fedha za miaka ijayo, mapato na matumizi yanalingana leo. Angalia kwamba B2 imewekwa nje ya NPV, fomula inayotoa thamani ya leo ya fedha za miaka ijayo. Fomula hiyo huchukulia kwamba tarakimu ya kwanza inaingia mwishoni mwa kipindi cha kwanza, hivyo ukiiweka B2 ndani unaisogeza hadi mwaka ujao. Ukaguzi huu hauwezi kunasa seli tupu, kwa sababu NPV nayo huiruka. Hesabu seli kwa macho: miaka 0 hadi 6 ni tarakimu saba.

Kama fedha haziingii mara moja kwa mwaka, tumia `=XIRR(B2:B8,C2:C8)` na uandike tarehe halisi za malipo kwenye safu ya C. Tarehe ndizo zinazobeba muda, kwa hiyo mstari wa mwaka usio na fedha unaweza kuufuta kabisa bila jibu kuharibika. Mazao yanayouzwa kwa msimu yanafaa zaidi kwa fomula hii. XIRR ikileta 0.00%, badilisha muundo wa seli uwe General: ukiona 2.98E-09, haijapata jibu. Ipe kisio la kuanzia, kwa mfano 0.2, mwishoni mwa fomula.

Wanaoitetea IRR wana hoja nzito. Inatoa asilimia moja unayoweza kuiweka ubavuni mwa riba ya mkopo bila kuchagua kwanza kiwango cha punguzo. Tena fomula hiyohiyo inaupima mkopo wenyewe, na hapa ndipo wengi huumia. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa riba ya 12% ya flati, unaolipwa kwa miezi 12. Riba ni 144,000, na rejesho la mwezi ni 112,000. Andika 1,200,000 kwenye E2, kisha -112,000 mara kumi na mbili chini yake. IRR italeta kama 1.79%, na hiyo ni ya mwezi. Kuipeleka kwenye mwaka ni `=(1+IRR(E2:E14))^12-1`, inayotoa takriban 23.7%. Riba iliyotajwa kuwa 12% inakaribia kuwa maradufu, kwa sababu unatozwa kwa mkopo wote hata baada ya kurudisha sehemu kubwa yake. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha na ile 22% yako, uliza kama ni flati au ya salio linalopungua. Kama ni flati, pengo ni kubwa kuliko unavyodhani.

Wanaoipinga nao hawakosei. Asilimia haikuambii ni shilingi ngapi. Kwa 22% ya salio linalopungua, NPV ya mradi wako ni hasara ya kama milioni 1.83 kwa thamani ya leo. Kwa 18% ni faida ya kama milioni 1.73. Tarakimu hizo mbili zinafaa kuliko 19.84% peke yake, kwani zinaonyesha uzito wa kile unachojadiliana na benki.

Hoja yao ya pili inahusu miradi ambayo fedha hutoka tena mwishoni. Mfano ni machimbo ya kokoto: unatoa milioni 100, mwaka unaofuata unapata 250, kisha mwaka wa pili unalipa 156 kufukia shimo na kurudisha ardhi. Excel ikianza na kisio lake la kawaida la 10% inajibu 20%. Ukiandika `=IRR(B2:B4,0.4)` inajibu 30%. Majibu yote mawili ni sahihi kihesabu, kwa sababu alama ya fedha imebadilika mara mbili, kutoka hasi kwenda chanya na kurudi hasi. Kibaya zaidi, mwenye mtaji unaomgharimu 10% kwa mwaka ataona 20% na kuendelea, ilhali NPV kwa 10% ni hasara ya kama milioni 1.65. Alama zikibadilika zaidi ya mara moja, acha IRR na utumie NPV. Ukipanga kung'oa miti mwishoni kwa gharama kubwa, mradi wako nao unaingia kundi hilo.

Kwa sasa alama zako zinabadilika mara moja tu, kwa hiyo 19.84% ni jibu pekee na unaweza kuliamini kama hesabu. Msimamo wetu ni kwamba IRR itumike kuupima mkopo na NPV ndiyo iamue. Wala zote mbili hazikuonyeshi rejesho la benki litatoka wapi katika miaka miwili ya mwanzo, wakati shamba halina kitu cha kuuza zaidi ya maharage yanayojilipia. Omba muda wa neema.

Halafu jaribu jambo moja zaidi. Ingiza sifuri nyingine kabla ya ile 6, kana kwamba miti imechelewa kuzaa mwaka mmoja, na upanue fomula hadi B9. IRR inashuka hadi takriban 16.0%, hata kabla ya kuongeza palizi na mbolea ya mwaka huo wa ziada. Maana yake hata ukifanikiwa kuishusha benki hadi 18%, mwaka mmoja wa kuchelewa unatosha kukuingiza kwenye hasara.