Kisanduku cha Pili ni cha Nini?

Kuna karatasi ya kurudufu inauzwa huku Ngamiani kwa shilingi mia mbili, ya watoto wa kidato cha tatu waliofika kwenye mifululizo. Ni ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Katikati kuna visanduku viwili vya wino mzito, vya kujumlisha namba ambazo kila moja ni iliyotangulia mara uwiano uleule. Cha kwanza, inasema, ni cha uwiano unaozidi moja:

```
S = a(r^n - 1) / (r - 1)
```

Na cha pili ni cha uwiano ulio chini ya moja:

```
S = a(1 - r^n) / (1 - r)
```

Chini yake, kwa herufi kubwa kama tangazo la msiba: UKICHANGANYA UMEKOSA.

Haya, tuchanganye. Chukua 27 + 9 + 3 + 1. Neno la kwanza, yaani a, ni 27; uwiano, yaani r, ni theluthi; idadi ya maneno, yaani n, ni nne; na S ndiyo jumla tunayoitafuta. Kwa sheria ya karatasi, hapa kisanduku cha kwanza ni haramu. Tukitumie hichohicho. Theluthi kwa kipeo cha nne ni 1/81. Toa moja, unapata −80/81. Zidisha kwa 27, unapata −80/3. Chini ya mstari, theluthi kasoro moja ni −2/3. Gawanya, hasi zinafutana, jibu ni 40. Jumlisha kwa vidole uone: 27 na 9 ni 36, na 3 ni 39, na 1 ni 40. Umekosa nini?

Visanduku vile ni kanuni moja iliyovaa kanzu mbili. Juu umezidisha kwa hasi moja, chini umezidisha kwa hasi moja, thamani iko palepale. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba cha pili kinampunguzia mtoto kazi ya kubeba alama za hasi. Basi kiandikwe hivyo: "hiki kinarahisisha." Kumtisha mtu kwamba atakosa ni jambo jingine. Anayetishwa hivyo anaingia kwenye mtihani na hofu ya kuchagua kisanduku, na akili yote inayotakiwa kuhesabu maneno inaishia hapo.

Ubaya wenyewe ni kwamba karatasi haisemi kanuni imetoka wapi, na inakotoka hakuhitaji zaidi ya mistari mitatu. Andika jumla ileile ukianzia na 1, ili uwiano uwe 3, kisha uiandike tena chini yake ikiwa imezidishwa kwa 3, lakini isogeze hatua moja kulia ili 3 ikae chini ya 3 na 9 chini ya 9:

```
 S = 1 + 3 + 9 + 27
3S =     3 + 9 + 27 + 81
```

Toa mstari wa juu kutoka wa chini. Wote wa katikati wanakufa. Kinabaki 81 upande huu na 1 upande ule: 2S = 80, S = 40. Huko kusogeza ndiko kila kitu. Wanaoandika 3S bila kusogeza, 3 chini ya 1 na 9 chini ya 3, wanatoa 3 − 1, 9 − 3, 27 − 9, 81 − 27, wanapata 2 + 6 + 18 + 54. Hawajakosea hesabu, maana hiyo nayo ni 80. Ila wamerudi kwenye mfululizo uleule waliokuwa wanaukimbia.

Sasa badala ya 1 weka a, badala ya 3 weka r, na kisanduku cha kwanza kinajiandika chenyewe. Lakini usiende huko haraka. Tazama vilivyobaki baada ya kutoa: neno la mwisho lililozidishwa kwa uwiano, na neno la kwanza. Basi. Kwa hiyo kanuni inasemeka kwa mdomo bila herufi hata moja: *la mwisho mara uwiano, toa la kwanza, gawa kwa uwiano kasoro moja.* Hapo hakuna n. Hakuna kipeo. Wala hakuna cha kuhesabu vibaya.

Na n ndiyo inayoua watu, si visanduku. Chukua swali la kawaida: 5 + 15 + 45 na kuendelea hadi 10,935. Mtoto anagawa 10,935 kwa 5, anapata 2,187, anagundua kuwa hiyo ni 3 kwa kipeo cha 7, anaandika n = 7. Kumbe maneno ni manane, kwa sababu neno la kwanza lina kipeo cha sifuri. Nguzo nane za uzio zina nafasi saba katikati yake. Kipeo kinahesabu nafasi, n inahesabu nguzo. Akiweka 7 kwenye kanuni anapata 5 × 2,186 ÷ 2, yaani 5,465, anapiga mstari chini ya jibu na kugeuza ukurasa.

Jamani, 5,465 ni ndogo kuliko neno la mwisho peke yake! Unajumlisha namba chanya nane, mojawapo ni 10,935, jumla inakuwaje nusu ya hiyo moja? Kwa njia ya mdomo: 10,935 mara 3 ni 32,805, toa 5 ni 32,800, gawa kwa 2 ni 16,400. Imekwisha.

Uwiano ukiwa 3 kuna kipimo cha haraka zaidi. Jumla siku zote inakaa chini kidogo ya neno la mwisho mara moja na nusu, na inapungua kwa nusu ya neno la kwanza. Moja na nusu ya 10,935 ni 16,402.5, toa 2.5, ni 16,400. Kwa wetu wa mwanzo, moja na nusu ya 27 ni 40.5, toa nusu, 40. Maana yake ni kwamba neno la mwisho hubeba takriban theluthi mbili ya jumla yote. Wale wanaoletewa michezo ya "leta watu watatu, na kila mmoja alete watatu" waisome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu safu ya mwisho, ile ambayo haijaletewa mtu, ndiyo theluthi mbili ya wachezaji wote. Na safu ya 17 ikijaa, ukimhesabu mwanzilishi peke yake kuwa safu ya kwanza, jumla ni 64,570,081. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120.

Turudi kwenye 40, kwa sababu kuna njia nyingine ya kuipata ambayo hakuna karatasi ya shilingi mia mbili itakayokuonyesha, nami naipenda kuliko ile ya kusogeza.

Fikiria mizani ya sahani mbili, ile ya zamani ya sokoni, na mawe manne: kilo 1, kilo 3, kilo 9 na kilo 27. Mzigo uko sahani ya kushoto. Kila jiwe lina hali tatu tu: sahani ya kulia, sahani ya kushoto pamoja na mzigo, au chini mezani. Mzigo wa kilo 2 unaupima kwa kuweka jiwe la 3 kulia na la 1 kushoto na mzigo. Wa kilo 14 unataka 27 kulia, na 9, 3 na 1 zote kushoto. Wa kilo 25: 27 na 1 kulia, 3 kushoto. Jaribu wowote kuanzia 1 hadi 40, utaupata.

Kwa nini 40? Mawe manne, kila moja na hali tatu, mipangilio yote ni 3 × 3 × 3 × 3, yaani 81. Mmoja kati ya hiyo ni wa mawe yote mezani, haupimi kitu. Utoe, zinabaki 80. Hizo 80 ni jozi: kila mpangilio una pacha wake ambao mawe yamebadilishana sahani, huyu akipima 25, pacha anapima 25 upande wa pili, yaani hasi. Gawa kwa mbili, vipimo halali ni 40. Na kipimo kikubwa kabisa ni mawe yote kulia, 1 + 3 + 9 + 27.

Sasa iangalie kanuni: (81 − 1) ÷ 2. Ile 81 ni mipangilio. Ile 1 inayotolewa ni mizani tupu. Ile 2 ya chini ni kulia na kushoto. Kila kipande kina kazi yake mezani.

Mbishi wa barazani atauliza: je, kama mipangilio miwili inapima uzito uleule? Swali zuri. Haiwezekani, kwa sababu kila jiwe ni zito kuliko mara mbili ya wadogo zake wote. Wadogo wa 27 ni 1, 3 na 9, jumla 13, mara mbili ni 26. Ukilihamisha jiwe la 27 hatua moja, wadogo hata wakihama wote kutoka kulia kwenda kushoto wanaziba 26 tu. Pengo la kilo moja linabaki palepale. Kwa hiyo vipimo 40 ni tofauti vyote, vyote ni kilo kamili, na kikubwa hakizidi jumla ya mawe. Mawe yangerukwa kutoka 9 hadi 30, kilo 14 isingepimika.

Njia hii ya mawe ni ya uwiano wa 3 peke yake, sikatai. Kusogeza na kutoa kunafanya kazi kwa uwiano wowote, hata hasi. Hapo karatasi haina mfano hata mmoja. Kwa 1 − 3 + 9 − 27 uwiano ni −3: la mwisho mara uwiano ni 81, toa 1 ni 80, gawa kwa −4 ni −20. Anayetumia kipeo kwenye kikokotoo bila mabano, `-3^4` badala ya `(-3)^4`, mara nyingi anapewa −81, kisha anapata 20.5. Namba kamili nne zimejumlishwa zikazaa nusu! Nusu hiyo ikitokea, rudi kwenye mabano.

Ila kuna uwiano mmoja ambao kweli unavunja kanuni. 5 + 5 + 5 + 5, uwiano ni moja. Andika jumla, zidisha kwa moja, sogeza, toa: kinabaki 5 kasoro 5, na chini uwiano kasoro moja ni sifuri. Sifuri kwa sifuri, na visanduku vyote viwili vimekwama. Hapo unazidisha tu 5 kwa idadi ya maneno, 20. Nimeigeuza karatasi mbele na nyuma nikitafuta onyo la hilo. Nyuma kuna namba ya simu ya kuagizia nakala zaidi.