Kinachotuliza ni pumzi, utamu wa sauti baadaye

Siku kamunye, basi dogo la abiria, ilipoigonga bodaboda niliyopanda pale mzunguko wa Kibuye, Kampala, mimi nilichubuka kiwiko tu. Dereva wa boda aliokota kandambili yake, akatukanana na kondakta kwa Kiganda mpaka watu wakawaamua, nami nikaenda zangu kwa miguu hadi kwenye banda letu la ushonaji, Katwe. Nikasalimia, nikafungua cherehani, nikaanza kukata kitenge cha mteja.

Nusu saa ilipita. Nikiwa na mkasi mkononi, vidole vikaanza kuwasha kama vimeingia sisimizi, midomo ikafa ganzi, na moyo ukapiga hadi nikausikia masikioni. Nilidhani nakufa. Kijana anayejifunza kazi kwetu alitaka kunisaidia. Akawasha spika, akaweka wimbo wa dini wa polepole, sauti ya mama mmoja laini kabisa. Wimbo huohuo ndio tuliokesha nao usiku wa matanga ya baba yangu. Sasa nilikuwa nalia na kutetemeka kwa pamoja.

Mama Riziki, jirani yetu mwenye meza ya vitunguu, mtu wa Bunia, Kongo, aliingia akazima ile spika. "Mwanangu, tulia, hujafa," akasema, akakaa nyuma yangu akaniwekea kiganja mgongoni. Kisha akaanza kuimba mdomo umefungwa, mmm, mmm, ule mwimbo wa kumlaza mtoto ambao hauna hata maneno. Hakuniambia nipumue. Baada ya muda nikajikuta nami naguna ule mwimbo pamoja naye, na ganzi ikaanza kuondoka midomoni.

Tangu hapo nabishana na kila anayenitumia orodha ya nyimbo za kutuliza. Wengi wanachagua kwa sikio: sauti nyororo, gitaa dogo, hakuna ngoma. Mimi nasema chagua kwa pumzi.

Mtu aliyeshikwa na hofu ya ghafla hupumua haraka na juujuu. Akipumua hivyo kwa dakika kadhaa anatoa kabonidioksidi nyingi kuliko kawaida, na ikipungua kwenye damu ndipo vidole vinawasha na midomo inakufa ganzi. Anaona dalili hizo, anaogopa zaidi, anapumua haraka zaidi. Upande wa pili, moyo wa binadamu hupunguza mwendo kidogo kila anapotoa pumzi. Ukiguna mstari mrefu wa wimbo, mdomo umefungwa, unatoa pumzi polepole bila kuhesabu wala kuamriwa. Ndicho alichonifanyia Mama Riziki.

Kuna utafiti wa daktari Mwitaliano, Luciano Bernardi, uliotoka mwaka 2001. Yeye na wenzake waliwapima watu wakisali rozari kwa Kilatini na pia wakirudia maneno ya dua ya yoga. Pumzi zao zilishuka hadi kama 6 kwa dakika, kwa sababu urefu wa sala wenyewe unalazimisha hivyo. Bibi zetu wa Kikatoliki wanaokaa na rozari radi inapopiga walikuwa wamefika mapema.

Basi nilipotafuta wimbo wangu nilifanya hesabu. Weka wimbo, tazama saa, gonga mguu ukihesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Wangu ulitoa mapigo 66 kwa dakika. Nikivuta pumzi kwa mapigo 4 na kuguna kwa mapigo 8, mzunguko mmoja unachukua kama sekunde 11, yaani pumzi 5 na nusu kwa dakika. Hapo ndipo nilipotaka. Kosa la wengi ni kuhesabu kila mlio wa gitaa au kayamba ndogo, wakapata 132 na kuutupa wimbo kwamba una kasi. Hesabu hatua ya mguu, kama vile unambeba mtoto ukitembea naye uani. Na kama mstari wa wimbo ni mrefu hadi unakaukiwa na pumzi katikati, acha huo. Utaanza kuhema upya.

Lakini upole wa wimbo si kitu kimoja kwa kila mtu, na hapa nyimbo za matanga zinatufundisha vizuri, maana karibu zote ni za polepole. Au mchukue Geoffrey Oryema, mwanamuziki wa Uganda. Sauti yake ni ya chini, lukeme, ala ndogo ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, inadondoka taratibu kama matone. Lakini albamu yake ya mwaka 1990 aliiita "Exile", yaani uhamishoni, na alikuwa na sababu: mwaka 1977 baba yake, waziri katika serikali ya Idi Amin, aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum, na yeye akatoroka nchi amefichwa kwenye buti la gari. Kwa rafiki yangu mmoja wa Kampala ni muziki wa kusinzia. Kwa shangazi wa rafiki huyohuyo, mtu wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, ni muziki wa kuwakumbuka wasiorudi. Humwekei mtu aliyeshtuka wimbo bila kumuuliza unamkumbusha nini, na kwa kuwa wakati ule hawezi kujibu, muulize siku ya amani.

Vilevile wimbo wenyewe usubiri siku ya amani. Niliuzoea wangu jioni, nikishona vifungo, kwa wiki kadhaa. Ukiusikiliza wakati wa hofu tu, mwili utaujua kama ishara ya hofu, kama king'ora.

Dakika za kwanza kabisa, hofu ikiwa kileleni, mimi siwashi chochote. Kwa kawaida kilele chenyewe hufika ndani ya dakika 10 hivi kisha kinaanza kuteremka. Eafoni hapo zinanifungia ndani na moyo wangu mwenyewe, nausikia zaidi. Naweka miguu chini, nashika kitu baridi, kwetu ni chuma cha cherehani, nataja rangi za nyuzi zilizo rafuni. Mteremko ukianza ndipo naguna wimbo, na simu inafuata baadaye kwa sauti ndogo. Nimeuhifadhi wimbo kwenye simu, kwa sababu mtandaoni tangazo la sabuni linaweza kukurukia kwa kelele katikati ya ubeti, na ukiisha unafuatwa na wimbo wa klabu.

Ukiisha, zima. Bernardi huyo alirudi mwaka 2006 na watu 24, akawachezea muziki wa aina mbalimbali na kuweka ukimya wa dakika 2 katikati. Mapigo ya moyo yalishuka wakati wa ukimya kuliko hata kabla muziki haujaanza. Hili watu hawalipendi, wanataka orodha ya saa nzima.

Na kuna wakati wimbo haufai kabisa. Kifua kinachobana kwa mara ya kwanza, au kugonga kichwa kisha kutapika, kuchanganyikiwa au kusinzia ovyo, ni safari ya hospitali. Hofu ikirudi kila wiki hadi unaogopa kutoka nyumbani, kuna kliniki za afya ya akili kwenye hospitali za rufaa, na hospitali ya akili ya Butabika, Kampala, si ya "vichaa" kama tunavyotaniana kwenye kamunye.

Mama Riziki nilimuuliza baadaye ule mwimbo unaitwaje. Akacheka. Akasema hauna jina, mama yake alikuwa akiuguna akipepeta mchele.