Mwaka kwenye tangazo haukai peke yake

Kila Mfunguo Sita unapokaribia, simu za watu wa Bagamoyo hujaa matangazo ya maulidi, na mengi ni yale yale ya mwaka uliopita. Kutumia kiolezo kimoja sioni ubaya. Watu hulitambua tangazo kwa rangi na umbo kabla hawajalisoma. Ninachopinga ni kudhani kwamba kazi ni kufuta 2025 na kuandika 2026.

Chukua tangazo lililosomeka "Maulidi 1447" juu, na chini yake "Ijumaa, 5 Septemba 2025". Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo maulidi ya 1448 yanarudi nyuma hadi mwishoni mwa Agosti 2026. Aliyegusa mwaka wa chini tu ametangaza maulidi ya 1447 kwa mara ya pili, tena kwa tarehe iliyokwisha kupita sikukuu. Hata tarehe isiyohama hubadili siku yake: 9 Desemba ilikuwa Jumanne mwaka 2025, na 2026 ni Jumatano. Ndiyo maana siku, tarehe na mwaka mimi huviandika upya kwa pamoja, kalenda ikiwa mbele yangu. Na pale panaposubiriwa mwezi uandame, neno "inatarajiwa" lina nafasi yake kwenye tangazo.

Mwaka wa Hijria ukae pamoja na jina la shughuli, wa Miladia ukae na tarehe. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Tangazo la futari litakaloandikwa "Ramadhani 2030" tu litakuwa linasema ipi?

Jina lenyewe lina shida yake. "Maulidi" ni neno fupi, linajaa vizuri kwa herufi kubwa. Mwaka ambao kiolezo hicho kinatumika kwa "Futari ya Pamoja ya Vijana wa Mtaa", watu hupunguza herufi mpaka zisomeke kwa shida kwenye simu. Afadhali kiolezo kipangwe tangu mwanzo kwa jina refu kuliko yote, kwenye mistari miwili, na jina fupi lipewe nafasi ya kupumua.

Haya yote yanawezekana tu kama maandishi bado yanaharirika. Picha iliyopita WhatsApp imeshabanwa. Ukifunika mwaka kwa kiraka cha rangi, kiraka kinaonekana, na tarakimu mpya huwa kali kuliko herufi zilizo jirani zake. Tunza faili la asili, na kila mwaka fanyia kazi nakala. Kwenye Canva ni `Make a copy`. Kisha tafuta 1447 kwenye maelezo yanayoambatana na picha, maana `#Maulidi1447` huwa inabaki huko.