Kugawanya 160 kwa 20 si kutaja tarehe

Tuseme timu ya watu sita inatengeneza programu ya simu ya chama cha akiba na mikopo, kwa sprinti, yaani vipindi vya kazi vya wiki mbili mbili. Kila kazi hupewa pointi kwa kukadiria ukubwa wake, na katika sprinti sita zilizopita timu imemaliza pointi 18, 25, 21, 12, 24 na 20. Jumla ni 120, wastani 20. Kazi zilizobaki kwenye orodha zina pointi 160. Mwenyekiti wa chama anataka tarehe, na meneja wa mradi anapiga hesabu ya shule ya msingi:

```
160 / 20 = 8
```

Sprinti nane, yaani wiki 16. Je, aitaje?

Wanaoitetea hesabu hii wana hoja ambayo wapinzani wake huipita haraka mno. Haimuulizi mtu anavyojisikia. Inaangalia timu yenyewe imefanya nini. Vikao, magonjwa, umeme kukatika na mashine ya majaribio inayogoma vyote vimo tayari ndani ya ile 20, bila yeyote kuvikadiria. Kazi iliyopewa pointi 3 ikageuka kuwa ya 8 hufidiwa na ile ya 5 iliyoisha asubuhi moja. Ukilinganisha na tarehe iliyotungwa na idara ya mauzo, mimi nachukua wastani bila kusita.

Ila kufidiana huko kuna sharti: makosa yasiwe na chanzo kimoja. Ile sprinti ya 12 ikiwa ilishuka kwa sababu mtu mmoja alikuwa likizo, wastani unaimeza. Ikiwa ilishuka kwa sababu timu ilianza kuunganisha malipo ya simu na ikakuta kila hatua inasubiri kibali cha kampuni nyingine, na theluthi ya kazi zilizobaki zinagusa malipo, basi 12 si bahati mbaya. Ni habari ya mbele. Ndiyo maana kabla ya kuukubali wastani huwa natafuta sprinti mbovu kuliko zote na kuuliza kilichotokea. Jibu lake lina thamani kuliko desimali yoyote.

Wapinzani kwa kawaida huishambulia kasi, yaani pointi zinazokwisha kila sprinti: pointi si saa, timu mbili haziwezi kulinganishwa, na bosi akianza kuidai kasi ipande, kazi ya pointi 3 huanza kuitwa ya 5. Yote ni kweli, na hilo la mwisho linaua kipimo kabisa. Lakini naona wanapiga upande usiouma sana. Mara nyingi kinachoiharibu tarehe ni ile 160.

Rudi kwenye mfano. Katika sprinti hizo sita, orodha iliongezewa pointi 24: kasoro zilizoonekana kwenye majaribio, pamoja na ombi la kumtumia mdhamini ujumbe kabla mkopo haujatolewa. Ni pointi 4 kila sprinti. Timu inamaliza 20, lakini orodha inapungua kwa 16 tu:

```
160 / (20 - 4) = 10
```

Wiki 16 zimekuwa 20, na hakuna aliyezembea. Hili halionekani kwenye grafu ya mstari mmoja unaoshuka, maana timu iliyopungua kasi na orodha iliyonenepa huchora mstari uleule. Chora miwili: kazi iliyokwisha, na jumla ya kazi yote. Hapo mstari wa juu ukipanda, kila mtu anauona.

Sasa weka upana. Sprinti tatu bora zina wastani wa 23.3, tatu dhaifu 16.7. Toa 4 kila upande, gawanya, kisha zungusha kwenda juu: sprinti 9 hadi 13, yaani wiki 18 hadi 26. Wapo wanaotumia njia ya Monte Carlo, ambapo kompyuta huokota kasi za zamani bila mpangilio mara maelfu na kuhesabu ni mara ngapi kazi iliisha kabla ya siku fulani. Ni njia nzuri, lakini ukiipa orodha isiyokua itakupa uongo wenye asilimia.

Wiki hizo 26 bado hazihesabu muda wa duka la programu kukagua na wanachama wachache kujaribu, kama kazi hizo hazimo kwenye pointi.

Mwenyekiti hatapenda kuambiwa wiki 18 hadi 26. Mwambie hivyo hivyo, pamoja na siku ya kukagua: baada ya sprinti tatu, orodha inapaswa kuwa karibu na pointi 112. Ikiwa iko 130, imepungua kwa 10 tu kila sprinti, na zimebaki sprinti 13 nyingine. Siku hiyo anaweza kuuondoa ujumbe wa mdhamini kwenye toleo la kwanza, wakati bado haujaanza kuandikwa.