Neno SIRI halikuzuia faili la mishahara

Jumatatu asubuhi nafungua simu nakuta mishahara yetu wote iko kwenye grupu la watsapu la ofisi. Faili la Excel, jina kwa jina, mpaka makato ya mikopo ya watu, na juu ya kila ukurasa limeandikwa SIRI, jekundu, herufi kubwa. Kuna dada mmoja hakuja kazini siku mbili kwa sababu nyumbani kwake hawakujua kama anakatwa mkopo. Mimi niko idara ya kompyuta hapo hapo, kwa hiyo hili limeniuma mara mbili.

Kikao kizima tumebishana nani kalituma. Sawa, atafutwe. Lakini hilo neno SIRI lilikuwa limefungwa kwenye nini? Halikufungwa kwenye kitu chochote jamani! Tuna lebo nne kwenye Microsoft 365, yaani alama za usiri unazobandika kwenye faili: umma, ndani, siri na siri kuu, na zilipotengenezwa zote ziliwekewa maandishi ya juu ya ukurasa tu basi. Ukibandika siri, faili linabaki wazi vilevile, aliyenalo anafungua na anamtumia anayemtaka.

Lebo inaanza kufanya kazi pale unapoiambia ifunge faili kwa ufunguo, halafu unaitajia ni akaunti zipi zifungue na kila moja ifanye nini. Kwa faili letu nilipendekeza hivi: kitengo cha mishahara kina watu wanne, ila wanaoingiza namba ni wawili, hao wawili wapewe Co-Author, yaani wasome na kuhariri, wengine wawili pamoja na mkurugenzi na mhasibu mkuu wapewe Viewer, yaani wasome bila kukopi wala kuprinti. Watu sita. Mwingine yeyote hayumo, hata mimi ninayetengeneza lebo.

Hapo faili bado linaweza kufowadiwa, na watu wengi hawalielewi hili. Linaweza kufika hadi watsapu, lakini atakayelifungua ataambiwa aingie na akaunti yake, na kama hayumo kwenye wale sita haoni hata safu moja. Kinachozuiwa ni kufungua, safari ya faili haizuiwi. Kwa emaili yenyewe kuna Do Not Forward, ambayo inamnyima mpokeaji kufowadi, kuprinti na kukopi.

Sasa sikiliza kwa nini nilikazania wawili tu. Co-Author anaruhusiwa kukopi, na akikopi safu zile akazibandika kwenye faili jipya, hilo jipya halina ufunguo wa lile la kwanza. Unaweza kumwondolea kukopi, ila hapo hata ndani ya faili lenyewe kukopi kunakatika, na mtu wa mishahara bila kukopi fomula hafanyi kazi, atatafuta njia ya pembeni kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo dawa ni kupunguza watu.

Halafu aliyebandika lebo ndiye anayehesabiwa mwenye faili, ana haki zote juu yake hata ukimtoa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Kwetu faili la kila mwezi lilikuwa linatengenezwa na kijana ambaye ameshahamia manunuzi. Mafaili yake yote ya zamani, hata yangekuwa yamefungwa, bado angeyafungua! Na hata asiye mwenye faili, kama lilishafunguka kwenye kompyuta yake, na hamjagusa mpangilio, ruhusa ya kulifungua bila intaneti hudumu siku 30. Ukiweka sifuri, mkurugenzi akisafiri sehemu isiyo na mtandao hafungui kitu. Mimi naona siku 3 zinatosha.

Najua, mtu anaweza kupiga skrini picha kwa simu. Nakubali, hakuna lebo ya kuzuia hilo. Lakini aliyetuma Jumatatu hakupiga picha, alibonyeza tu kufowadi akamaliza. Na wale wanaotaka kila kitu kiwe siri, hadi ratiba ya usafi, waache, lebo ya kuanzia iwe ndani, la sivyo watu watazoea kuishusha bila kusoma.

Kama unataka kujua lebo za ofisini kwenu zimefungwa kweli, chukua faili la majina ya kubuni, bandika siri, litume kwenye emaili yako binafsi halafu kwa mwenzako wa idara nyingine. Mimi nimefanya hivyo Jumanne kwa lebo yetu ya sasa, likafunguka kote kuwili. Jumatano nikarudia kwa lebo mpya ya majaribio, likakataa kote kuwili, na kwa mhasibu mkuu likafunguka ila kitufe cha kuprinti kimefifia.

Orodha ya wale watu sita iko mezani kwa mkurugenzi tangu Alhamisi, haijasainiwa. Mishahara ya mwezi huu inaandaliwa kesho kutwa.